"Mia mbili mia mbili": kadi zetu za kuigiza soko zilipofika sokoni Bukavu

Mahali na wanafunzi

Kisa hiki ni cha mwaka 2022, Bukavu, mashariki mwa Kongo, katika darasa dogo la Kiswahili kwa wageni. Wanafunzi walikuwa wanane: wauguzi, mhandisi wa maji, mhasibu, na wengine waliokuja kwa kazi za mashirika. Wote walijua Kifaransa, na hakuna aliyewahi kusoma Kiswahili. Tulikutana mara mbili kwa juma, saa mbili kila mara, kwa majuma sita. Walimu tulikuwa wawili. Majina nimeyaondoa, na kazi za watu wawili nimezibadilisha ili wasitambulike.

Walichoomba kilikuwa kitu kimoja tu, na kilinifurahisha: waweze kula katika restora ndogo za mjini na kununua chakula sokoni bila kumtuma mlinzi au mpishi wa nyumba. Hawakutaka kusoma magazeti wala kuhutubia mikutano. Walitaka kusema wanachotaka, kuuliza bei, kulipa, na kuondoka wakiwa wamelipa bei iliyo sawa. Wakati huo dola moja ilikuwa karibu franga 2,000, na bei zote ninazotaja hapa ni za franga.

Kadi za kwanza

Tulichukua karatasi ngumu ya A4 tukaikata vipande vinane. Kila kadi ikawa milimita 74 kwa 105, inashikika kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukishika pesa za mchezo. Hizo pesa nazo zilikuwa vipande vya karatasi za rangi tulivyoviandika 100, 200, 500, 1,000 na 5,000. Noti halisi hatukuzitoa fotokopi, na sishauri mtu kufanya hivyo.

Kadi ya mteja na kadi ya muuzaji zilikuwa na maneno yaleyale, mazungumzo mazima kwa Kiswahili sanifu:

Mteja: Habari za asubuhi. Ninaomba wali na maharage.
Mhudumu: Sawa. Utakunywa nini?
Mteja: Maji. Ni bei gani?
Mhudumu: Franga elfu mbili.
Mteja: Asante.

Tulikuwa na mazungumzo kumi ya namna hiyo. Kufikia mwisho wa juma la pili wanafunzi waliyasema kwa lafudhi nzuri na kwa furaha, wakibadilishana nafasi, na mimi niliamini kwamba wako tayari kutoka.

Kulikuwa na dalili moja, na niliipita. Siku moja mwanafunzi aliyeigiza mhudumu alikosea mstari, akasema "elfu tatu" badala ya "elfu mbili". Mteja akajibu "asante" na kutoa elfu mbili. Mhudumu naye akazipokea. Hakuna aliyegundua, kwa sababu macho ya wote wawili yalikuwa kwenye kadi, na kwenye kadi mstari uliofuata ulikuwa "asante". Nilicheka nao, nikaendelea na somo.

Jumamosi ya juma la tatu

Tulitoka asubuhi, tukaanza na restora moja ndogo upande wa Nyawera. Muuguzi mmoja alikuwa wa kwanza. Alisema vizuri kabisa: "Ninaomba bugali, sombe na nyama." Mama wa restora akamjibu: "Nyama ya ngapi?"

Kila mtu wa Bukavu anajua mama huyo aliuliza nini. Nyama, samaki wadogo wa sambaza, maandazi, hata bugali yenyewe katika baadhi ya restora, huuzwa kwa kiasi cha pesa. Mteja hutaja pesa, muuzaji hupima. Unasema "nyama ya elfu mbili", naye anajua akukatie vipande vingapi. Lakini mwanafunzi wetu alikuwa amekutana na "ya ngapi" mahali pamoja tu, katika somo la orofa za jengo: orofa ya ngapi, ya kwanza, ya pili. Akafikiri kidogo, akajibu kwa ujasiri: "Ya kwanza."

Mama alimtazama, akaingia jikoni, akarudi na sahani yenye nyama nzuri kuliko zote zilizokuwamo siku ile. Kwake "ya kwanza" ilikuwa na maana moja tu. Bili ikawa elfu nne, na mwanafunzi alikuwa amepanga kutumia elfu mbili. Alilipa kwa uungwana, ila uso wake ulionyesha kwamba anaamini amelipishwa bei ya muzungu. Ilinichukua sehemu kubwa ya asubuhi kumweleza kwamba aliagiza mwenyewe.

Mhasibu, ambaye Kifaransa ni lugha ya mama yake, alikwama pale alipojiona salama zaidi. Aliambiwa bei kwa Kifaransa: "Mil senki." Kwetu hayo ni 1,500, ile "mia" ya mwisho humezwa. Yeye akasikia elfu moja na tano. Akatoa noti ya elfu, akaanza kuuliza franga tano zinapatikana wapi.

Lililotuumiza zaidi lilitokea sokoni. Mhandisi alisimama mbele ya mama muuza avoka, akauliza, "Avoka ni bei gani?" Mama akajibu: "Mia mbili mia mbili." Mhandisi akachagua avoka tano, akatoa noti moja ya 200, akasema "Asante, mama," akageuka kuondoka. Mama akamwita kwa sauti, "Mia mbili mia mbili!" Mhandisi akageuka, akatabasamu, akasema tena, "Ndiyo, mia mbili. Asante sana." Hapo wauzaji wa meza za jirani wakaanza kusema. Mama aliona kijana mwenye uwezo anachukua mali ya franga elfu moja kwa mia mbili, na bado anamcheka usoni.

Mwenzangu alifika haraka, akalipa zile 800 zilizobaki, akaomba radhi. Mhandisi alipoeleweshwa alitamani ardhi immeze. Alisema alisikia vizuri sana kile alichoambiwa, alidhani tu kwamba mama anarudilia kwa sababu mteja ni mgeni. Na kweli, kwa mtu asiyejua kwamba katika Kiswahili kurudia idadi ni kusema "kila kimoja", lile lilikuwa wazo la busara.

Mchana uleule: tulichoamua na kwa nini

Mwenzangu alipendekeza kwanza tuongeze somo: "ya ngapi", "mil senki" na kurudia idadi viandikwe ubaoni, vielezwe, viingie daftarini. Sikukataa, na tuliviandika. Ila nilimkumbusha ile "elfu tatu" ya darasani, iliyopita bila mtu kuisikia. Kama wanafunzi hawasikilizi jibu hata pale lisipo na ugumu wowote, orodha haitawasaidia. Kadi zetu ziliwafundisha kwamba kazi ya mteja ni kutamka swali. Kuuliza bei ni maneno matatu, na mtu huyajua siku ya kwanza. Kazi ngumu iko katika kile kinachorudi, na kadi ilikuwa imeshamwandikia mwanafunzi kitakachorudi.

Kwa hiyo tulitupa kadi zote kumi na kuweka masharti matatu kwa kadi mpya. Kadi isiwe na sentensi yoyote ya Kiswahili ya kusomwa, iwe na picha, tarakimu, na maelezo mafupi kwa Kifaransa. Bei iwe kwenye kadi ya muuzaji peke yake. Na bei yoyote iandikwe pamoja na kipimo chake: moja moja, rundo, sahani, au kopo la maziwa ya unga ambalo watu huliita gigozi.

Tulibishana kuhusu Kiswahili kipi. Mwenzangu aliogopa kwamba tukiwapa Kiswahili cha soko la Bukavu hawataelewana na mtu wakienda Dar es Salaam. Tulikubaliana hivi: midomo ya wanafunzi isiguswe, waendelee kusema "ninaomba" na "ni bei gani", kwa sababu kila muuzaji anaelewa. Masikio ndiyo yazoee Kiswahili sanifu na cha soko pia, kwa kuwa mgeni huchagua atakavyosema lakini hachagui atakavyojibiwa.

Kuna jambo tuliloliacha kwa makusudi, nalo ni upatanisho wa ngeli. Mwanafunzi akisema "hii maharage" tulimwacha apite. Mtu anayetafuta kwa pamoja kiwakilishi sahihi na hesabu ya mara tano mia mbili ataangusha kimojawapo, na siku ile tulitaka abaki na hesabu.

Kadi mpya zilivyokuwa

Ninaeleza jozi moja kwa ukamilifu, kwa sababu nyingine zilifuata umbo lake. Maneno nimeyaweka kwa Kiswahili hapa, kwenye kadi yalikuwa picha na Kifaransa.

Kadi ya mteja, ya buluu: Uko na franga 1,500. Unahitaji avoka nne. Ukimaliza, lazima ubaki na 500 za pikipiki ya kurudi nyumbani.

Kadi ya muuzaji, ya njano: Avoka, 300 moja moja. Bei ya mwisho 250 moja moja, kwa anayechukua nne au zaidi. Huna mone, yaani chenji, ya kurudisha kwa noti ya 5,000.

Avoka nne kwa 300 ni 1,200, na mteja atabaki na 300, asifike nyumbani. Kwa 250 zinakuwa 1,000, atabaki na 500 kamili. Lakini hawezi kujua lolote kati ya hayo mpaka asikie jibu, na akisikia "mia tatu mia tatu" kama mia tatu tupu, pesa atakazobaki nazo zitamsaliti. Mwisho wa kila mchezo wote wawili waliweka pesa mezani na kuhesabu. Sikulazimika kusahihisha mtu, pesa zilisema. Wakati mwingine mteja aliondoka kwa furaha na kumbe muuzaji ndiye aliyepata hasara, basi walirudi nyuma wenyewe kutafuta ni neno gani lilipotea njiani.

Tuliongeza kadi ndogo nyeupe ambazo muuzaji huvuta bila kumwonyesha mteja: "Sombe imeisha." "Jibu kwa Kifaransa cha hapa." "Uliza: ya ngapi?" Na tuliwapa wateja maneno matatu ya kujiokoa, ambayo waliyajua kwa moyo: "Polepole, mama", "Rudilia tafadhali", na lile lililofanya kazi kuliko yote, "Zote pamoja ni franga ngapi?" Hilo la mwisho linaondoa shaka ya kipimo kwa pigo moja. Mteja anashika avoka zake tano, anauliza zote pamoja, na jibu linakuja likiwa idadi moja.

Majuma mawili ya mazoezi

Mara moja tuligundua kwamba nafasi ya muuzaji ni ngumu zaidi kuliko ya mteja. Mteja anaweza kuishi kwa sentensi tano. Muuzaji lazima aelewe ombi lolote, akatae, ashushe bei, ajibu la ghafla. Mwanafunzi wa juma la nne akiwa muuzaji alitamka bei taratibu, kwa lafudhi ileile ya mteja wake, kiasi kwamba walielewana vizuri mno. Kwa hiyo tuliwaomba mama wawili wa mtaani, mmoja wao muuza maandazi kweli, waje mara nne kucheza wauzaji, nasi tukawalipa kwa saa zao.

Huyo muuza maandazi alibadilisha kadi zetu kuliko sisi wenyewe. Aliichukua kadi ya njano, akaniuliza bei ile imetoka wapi, kwa sababu majira yale avoka zilikuwa nyingi na hakuna ambaye angeziuza 300. Tangu siku hiyo mstari wa bei tuliuacha wazi, na muuzaji huijaza kwa penseli kabla ya kuanza. Kadi yenye bei iliyochapwa huzeeka ndani ya miezi michache tu.

Kisha akatuonyesha tulichokosa kabisa. Wanafunzi wanne walimjia mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alianza na "Ni bei gani?" Kwa wa tano alishusha kadi mezani, akaniambia mbele ya wote: "Mwalimu, mutu mwenye hasalimie, ninamupatia bei ya mutu mwenye hasalimie." Kadi zetu za kwanza, pamoja na ubaya wake, zilikuwa na salamu. Tulipofuta sentensi zote tuliifuta na salamu, na wanafunzi, wakiwa wameshika hesabu kichwani, hawakuikumbuka. Tulichora mkono ulioinuliwa juu ya kila kadi ya buluu. "Jambo, mama" ikarudi.

Katika kusikia idadi, kosa lililojirudia kuliko yote lilikuwa kati ya sita na tisa. Konsonanti ni zilezile, zimebadilishana nafasi tu. Sita, saba na nane zilitenganishwa haraka, ila mtu aliyechoka alisikia "mia tisa" akatoa 600. Dawa tuliyoipata ni ya mkono: mteja hurudia bei kwa sauti huku akionyesha noti, kabla ya kuzitoa. Mama akisikia "mia sita" na kuona 600, atasema hapana papo hapo.

Jumamosi ya juma la sita

Kila mwanafunzi alipewa shughuli tatu: kula sahani moja, kununua kitu kinachouzwa kimoja kimoja, na kununua kitu cha rundo au kopo. Walimu tulikaa mbali. Sita kati ya wanane walimaliza zote tatu na pesa zao zikalingana na bei walizotuambia. Mmoja alikosea gigozi ya maharage, alidhani bei ni ya kilo, akashangaa kupata kidogo. Mwingine hakukosea bei, bali alikata tamaa katika restora iliyojaa watu, akaonyesha kwa kidole sahani ya jirani. Alikula alichotaka, lakini si zoezi tulilompa.

Muuguzi alipoulizwa "Ya ngapi?" alijibu "Ya elfu mbili," na nilisikia sauti yake kutoka nje.

Mhandisi aliomba kwenda kwa yule mama wa avoka. Alisalimia, akaeleza kwa Kiswahili alichokiandaa usiku kucha kwamba siku ile hakuelewa. Mama alimkumbuka vizuri. Akamuuzia avoka nne kwa bei ya wote, akamwongezea ya tano kama matabishi.

Kilichofaulu na kilichoharibika

Kilichofanya kazi ni kadi kumnyima mteja kitu ambacho anakihitaji kweli. Pale bei ilipohamia upande wa pili wa meza, wanafunzi waliinua macho. Ningependa mwalimu mwingine aangalie hilo kabla ya lingine lolote: macho ya mteja wakati muuzaji anajibu. Yakiwa kwenye karatasi, kuna kitu kimeandikwa pale ambacho hakikupaswa kuandikwa. Na jaribio la haraka ni lile lililotokea kwetu kwa bahati: mwambie muuzaji aseme bei tofauti na iliyo kwenye kadi, uone kama mtu atashtuka.

Kuandika kipimo pamoja na bei nako kulilipa. Makosa yote mawili makubwa ya juma la tatu, la nyama na la avoka, yalikuwa ya kipimo. Wanafunzi waliyajua maneno, na hesabu waliijua.

Kilichoharibika kilitoka ndani ya kadi zilezile nilizozisifu. Kwa kuwa katika jozi nyingi mteja hakuweza kushinda bila kupunguziwa, wanafunzi walijifunza kwamba kila bei hupunguzwa. Juma la tano mmoja wao alibishania maandazi ya mia moja, moja moja, na yule mama, ambaye alikuwa mgeni wetu na tuliyekuwa tunamlipa, alikasirika kweli. Maandazi, mkate, soda, sahani katika restora, hivyo bei yake ni bei yake. Avoka, samaki na nguo zina nafasi ya mazungumzo. Tuliandika upya nusu ya kadi ili pesa za mteja zitoshe bila kuomba lolote, na nyingine mbili ambazo jibu sahihi ni kusema "hapana, asante" na kwenda kwa muuzaji mwingine. Mabadiliko hayo yalipaswa kuwamo tangu juma la nne. Juma la sita lilikuwa limechelewa, na niliona wawili bado wakiomba kupunguziwa sahani ya bugali.

Kosa la pili ni langu la mpangilio. Mama wauzaji walikuja juma la nne, baada ya kadi kuchapwa. Wangekaa nasi tulipokuwa tunaziandika, zisingekuwa na bei za majira mengine, na salamu isingepotea.

Bado kuna kadi moja ambayo sijaweza kuiandika vizuri: mteja anayelipa kwa dola, muuzaji anaikataa noti kwa sababu ina tundu dogo pembeni, kisha wanatafuta kiwango cha siku ili kugeuza kuwa franga. Nimeijaribu mara tatu. Kila mara inadai sentensi ambazo mwanafunzi wa majuma sita hana, na nikizipunguza inabaki hesabu tupu bila mazungumzo. Kwa sasa wanafunzi wangu wanatoka nyumbani na franga ndogondogo mfukoni.